KILIO CHA JIONI: KWA NINI MTOTO MCHANGA HULIA JUA LIKITUA

Katika nyumba nyingi zenye mtoto wa majuma machache, kilio huanza wakati moto wa chakula cha jioni unapowashwa. Mchana kutwa mtoto alikuwa mtulivu, akinyonya na kulala kama kawaida. Mara jua likishuka, uso wake huwa mwekundu au mweusi kwa nguvu za kulia, ngumi hukazwa, magoti hukunjwa mpaka tumboni. Mama humpa ziwa, naye hunyonya kidogo, akaliacha, akalia tena. Hali huendelea hivyo saa moja, mbili, hata tatu. Kisha, pasipo sababu yo yote ionekanayo, mtoto hunyamaza na kulala usingizi mzito, na kesho yake jioni mambo huanza upya.

Majirani nao huja na mashauri yao. Huyu husema maziwa ya mama hayatoshi, apewe uji mwepesi. Yule husema ni chango, anunuliwe dawa. Mwingine husema ameangaliwa kwa jicho baya, afungwe uzi mweusi na mvuje mkononi. Mama aliyechoka, ambaye hajalala usiku wa kumi sasa, hutaka kuwasikiliza wote.

Yafaa basi kila mzazi ajue jambo moja ambalo limethibitishwa vizuri: kilio hiki kina majira yake. Huanza kwa wakati ujulikanao, hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka na kwisha chenyewe. Mzazi ayajuaye majira haya hatababaika, wala hatafanya jambo la kumdhuru mtoto kwa kutaka kumsaidia.

MAJIRA YA KILIO

Mtoto anapozaliwa hulia kiasi. Afikapo majuma mawili hivi, kilio huanza kuzidi. Huongezeka juma kwa juma mpaka mtoto afikapo majuma sita, na hapo ndipo kilele chake. Baada ya hapo hupungua, na afikapo miezi mitatu au minne, kilio kile cha jioni huwa kimekwisha katika watoto walio wengi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hufuata majira haya haya, lakini hesabu yake huanzia siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Akizaliwa mwezi mmoja mapema, kilele chake huja mwezi mmoja baadaye.

Katika mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alitoa taarifa juu ya watoto 80 wenye afya njema, ambao mama zao waliandika kila siku saa walizolia. Ilionekana kwamba mtoto wa kawaida, asiye na ugonjwa wo wote, alipokuwa na majuma sita alilia karibu saa mbili na robo tatu kwa siku, na sehemu kubwa ya kilio hicho ilikuwa jioni.

Wako watoto wanaolia kupita hao. Daktari mwingine wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, waliandika katika mwaka 1954 kipimo ambacho waganga wengi wamekitumia tangu siku hizo. Mtoto mwenye afya na anayekua vizuri, ambaye hulia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa juma, na hali hiyo ikadumu zaidi ya majuma matatu, huyo husemwa ana msokoto wa tumbo. Watu wengi huku kwetu huuita chango. Kipimo hiki ni rahisi kukikumbuka kwa sababu ni tatu tupu. Angalia, lakini, maneno yale ya kwanza: mtoto mwenye afya na anayekua. Msokoto si jina la ugonjwa ulioonekana ndani ya tumbo. Ni jina la kilio kilichozidi, katika mtoto ambaye amepimwa na kuonekana mzima.

JE, TUMBO NDILO LINALOUMA?

Wazazi karibu wote huamini kwamba mtoto ana hewa tumboni, kwa kuwa hukunja magoti, hukaza tumbo, na hutoa hewa. Lakini kila mtoto mchanga aliaye kwa nguvu hukunja magoti na kukaza tumbo, hata akilia kwa kuchomwa sindano ya pajani. Na anapolia humeza hewa nyingi, hewa ambayo baadaye lazima itoke. Kwa hiyo hewa ile mara nyingi ni matokeo ya kilio, si chanzo chake. Tena watoto wanyonyao kwa mama zao na wale wanyweshwao kwa chupa hupata msokoto sawasawa. Kubadili maziwa hakuondoi kilio katika walio wengi. Wachache tu huwa na maziwa ya ng'ombe yasiyowapatana, na hao huonyesha dalili nyingine pia, kama damu katika choo, kutapika sana, au ngozi yenye ukurutu.

Basi kwa nini jioni? Sababu yote haijajulikana, lakini mambo mawili husaidia kueleza. La kwanza ni kwamba mtoto mchanga hana bado saa ya mwili. Mtu mzima mwili wake hujua usiku na mchana, nao humletea usingizi giza linapoingia. Mtoto hujengeka hivyo pole pole katika miezi miwili au mitatu ya kwanza, na wakati huo ndio kilio cha jioni huanza kukoma. La pili ni kwamba akili yake changa bado haijui kujituliza. Mtu mzima akichoshwa na kelele, mwanga na watu, huondoka akapumzika. Mtoto hawezi. Akianza kulia hushindwa kuacha, hata kama jambo lililomwanzisha limekwisha.

Lipo na jambo la maziwa. Watoto wengi jioni hutaka kunyonya kidogo kidogo, kila nusu saa au saa moja, kwa muda mrefu. Mama huyaona maziwa yake kuwa laini jioni, akafikiri yamekwisha. Sivyo. Maziwa huendelea kutengenezwa wakati mtoto anaponyonya, na kadiri anyonyavyo ndivyo yanavyozidi kuja. Mama akimpa uji au maziwa ya ng'ombe badala ya ziwa, mtoto hunyonya kidogo zaidi, na hapo ndipo maziwa yanapopungua kweli.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano wa mama kijana anayekaa karibu na Machakos pamoja na mama mkwe wake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na uzito wa kilo 3.1. Tangu juma la tatu alianza kulia kila siku saa kumi na mbili jioni, na katika juma la sita alikuwa akilia mpaka saa tatu usiku. Mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, mtoto huyu ana njaa. Mimi wangu niliwapa uji wakiwa na mwezi mmoja, nao walilala."

Siku ya kliniki ya majuma sita ilipofika, siku ya kuchanjwa, mama huyo alimweleza mwuguzi shida yake. Mwuguzi hakumcheka. Kwanza alimpima mtoto, akaona kilo 4.3. Kisha akauliza, "Mama, kwa siku nzima unabadilisha nepi zenye mkojo ngapi?"

"Saba, sista. Siku nyingine nane."

"Hunyonya kwa nguvu mchana?"

"Ndiyo, mpaka anatoa jasho."

"Akimaliza kulia, asubuhi yake yukoje?"

"Mzima kabisa. Huniangalia, na juzi alicheka."

Mwuguzi akamvua mtoto nguo zote. Akatazama utosi, masikio, kinywa, tumbo na kinena, akahesabu pumzi, akaangalia hata vidole vya miguu, kwa maana unywele wa mama huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukamkaba bila mtu kuuona. Hakuona kasoro. Ndipo akasema, "Mama, maziwa yako yanatosha. Mzani umesema, na nepi zimesema."

Hebu tuone alivyojua. Mtoto wa miezi ya kwanza apataye maziwa ya kutosha hupata gramu 150 hadi 200 hivi kwa juma, au zaidi, na baada ya siku chache za mwanzo hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Mtoto huyu alikuwa amepata kilo 1.2 katika majuma sita, yaani gramu 200 kwa juma. Mtoto mwenye njaa hawezi kunenepa hivyo. Kilio cha jioni peke yake si shahidi wa njaa. Mashahidi wa kweli ni mzani na mkojo. Tena ni bahati njema kwamba katika Kenya siku ya chanjo ya majuma sita huangukia pale pale kilio kinapokuwa kileleni. Mama asiache siku hiyo ipite bila kuuliza, na asisahau kuchukua kitabu chake cha kliniki, ambamo mstari wa uzito wa mtoto huonekana wazi.

Naye mama mkwe hakusema uongo. Wanawe walipewa uji, nao baada ya majuma machache walilala. Lakini wangalilala hata bila uji, kwa kuwa majira ya kilio yalikuwa yamepita. Hivyo ndivyo dawa nyingi za chango zilivyopata sifa: hupewa mtoto katika juma la sita au la saba, wakati kilio kilipo kileleni, na kilio kikishuka chenyewe, dawa husifiwa.

YA KUFANYA KILIO KIANZAPO

Kwanza mtazame mtoto. Je, amenyonya? Nepi yake ni kavu? Amefunikwa nguo nyingi mno, au anaona baridi? Gusa kifua chake au shingo, si mikono, kwa kuwa mikono ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Akitaka ziwa, mpe, hata kama alinyonya nusu saa iliyopita.

Kama haya yote ni sawa na bado analia, mchukue utembee naye. Katika mwaka 2022 wataalamu wa Japani walitoa taarifa ya majaribio waliyoyafanya juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtoto aliaye akibebwa na mama anayetembea kwa utulivu, bila kusimama simama, kwa muda wa dakika tano, hunyamaza, na wengi huanza kusinzia. Mama aliyekaa tu na mtoto mikononi hakupata matokeo hayo. Lakini akilazwa mara tu anapofumba macho, mtoto huweza kuamka pale pale mwili wake unapoanza kuachana na mwili wa mama. Kwa hiyo shauri lao ni hili: tembea dakika tano, kisha kaa kitako huku umemkumbatia dakika tano hadi nane, mpaka usingizi uwe mzito, ndipo umlaze. Mlaze chali daima, peke yake, bila mto wala matandiko laini karibu na uso.

Mbeleko au leso ni chombo chema kwa kazi hii. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza na afungwe mbele, kifua kwa kifua, kichwa chake kikiwa kimeegemezwa. Uso wake uonekane, pua isizibwe na nguo, na kidevu kisigandamizwe kifuani, kwa maana akikaa hivyo hewa haipiti vizuri. Nyimbo za kubembeleza, sauti ya "shhh" sikioni, taa hafifu, na chumba kisicho na redio wala watu wengi, vyote husaidia. Maji ya uvuguvugu ya kuoga huwatuliza wengine. Kitu kimoja kikishindwa, jaribu kingine, lakini mpe kila kimoja dakika chache. Kubadili upesi upesi humchosha mtoto zaidi.

Kubeba kuna faida kubwa zaidi kukianza kabla ya kilio. Katika mwaka 1986 madaktari wa Montreal, Kanada, waliwaomba baadhi ya mama wawabebe watoto wao saa tatu zaidi kila siku, si wakati wa kulia tu bali hata walipokuwa watulivu. Walipofika majuma sita, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao, na jioni pungufu kwa asilimia 51. Vivyo hivyo, taarifa ya mwaka 1991 juu ya Wakung wa jangwa la Kalahari, ambao hubeba watoto karibu mchana kutwa na kuwanyonyesha mara nyingi, ilionyesha kwamba watoto wao nao huanza kulia mara nyingi kama wengine, na kilio chao huzidi katika majuma yale yale, lakini kila kilio ni kifupi. Basi desturi ya mabibi zetu ya kumfunga mtoto mwilini wakiwa kazini haikuwa ya upuzi. Hata hivyo ni haki kusema kwamba kwa watoto ambao tayari wana msokoto mkali, kuongeza kubeba hakukuonyesha faida kubwa kama ile. Mama ambaye amebeba mpaka mgongo ukauma, na mtoto bado analia, asifikiri amekosea.

YASIYOFAA

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu cho chote ila maziwa ya mama. Asipewe maji, uji, chai wala mitishamba. Tumbo lake halijawa tayari, na kikombe au kijiko kisicho safi huleta kuhara, ambako ni hatari kuliko kilio cho chote. Asali asipewe kabisa mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili wa mtoto mchanga.

Dawa ya maji iitwayo gripu wota ilianza kutengenezwa Uingereza katika mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani yake, ambayo iliondolewa huko Uingereza katika miaka ya 1990. Huenda pombe hiyo ndiyo iliyowalaza watoto wa zamani. Ziuzwazo siku hizi hazijathibitishwa kuondoa msokoto. Na mabaya kupita yote ni kumkata mtoto kilimi, au kumchimba ufizi kwa madai kwamba ana meno mabaya. Vitendo hivyo haviponyi kilio, bali huleta kutokwa damu, wadudu wa maradhi, na hata kifo.

HATARI YA HASIRA

Kuna jambo ambalo wazazi huona haya kulisema. Kilio cha saa tatu, usiku baada ya usiku, huweza kumtia hasira hata mzazi mwenye upendo mwingi. Hasira hiyo si dhambi, lakini mkono ukiifuata ni msiba. Mtoto mchanga asitikiswe kamwe. Kichwa chake ni kizito na shingo yake ni dhaifu. Akitikiswa, ubongo huyumba ndani ya fuvu na mishipa ya damu hukatika. Sekunde chache tu zatosha kumpofusha, kumlemaza, au kumwua.

Ukiona hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, unywe maji. Rudi umtazame baada ya dakika kumi. Mtoto aliyelia dakika kumi peke yake hadhuriki. Bora zaidi, mpe baba, bibi au shangazi amshike nawe ulale. Akina baba nao wasidhani kwamba jambo hili ni la wanawake. Mtoto aliyechoka hutulia vema katika kifua cha baba anayetembea.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Kilio cha jioni hufuata desturi yake, na mtoto huwa mzima saa nyingine. Kilio kisichofuata desturi hiyo kisingojewe. Mpeleke mtoto hospitalini upesi, hata kama ni usiku, ukiona moja la haya: hataki kunyonya, mwili una joto la digrii 37.5 au zaidi, au umekuwa baridi, anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi, ametapika kitu cha rangi ya kijani, choo kina damu, utosi umevimba, ana uvimbe mgumu kinenani, ameshikwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri. Vivyo hivyo kilio kilichoanza ghafula kwa mtoto asiyekuwa na desturi ya kulia, au kilio chembamba kisicho cha kawaida yake. Na mtoto ambaye uzito hauongezeki apelekwe kliniki, hata kama halii kabisa, kwa kuwa mtoto dhaifu mno huweza kuwa kimya.

Yule mama wa mfano wetu alirudi nyumbani na mtoto wake, pamoja na shauri la mwuguzi. Mama mkwe aliposikia habari za mzani, aliuweka uji kando, akaichukua leso yake mwenyewe, na jioni ile akaanza zamu ya kutembea na mjukuu uani. Kilio hakikukoma siku ile, wala juma lile. Katika juma la nane kilikuwa saa mbili. Katika juma la kumi, siku ya chanjo ya pili, kilikuwa nusu saa. Na mtoto alipotimiza miezi mitatu na nusu, jua lilitua naye amelala.